Umekatwa Kimakosa? Andika Barua Ambayo Mhasibu Ataifanyia Kazi

Mshahara ukiingia pungufu, wengi wetu hukimbilia kwa mtu kabla ya kuangalia karatasi. Tunamkamata mhasibu kwenye korido, tunamweleza tukiwa tumesimama, naye anaitikia, "Sawa, nitaangalia." Mwezi unaofuata mshahara unaingia, pengo la mwezi uliopita halijazibwa, na mhasibu hakumbuki vizuri mlizungumza nini. Siyo lazima awe na nia mbaya. Anashughulikia mishahara ya watu mia mbili au mia tatu, na kila badiliko analolifanya lazima liwe na karatasi nyuma yake, kwa sababu mkaguzi akija atauliza kwa nini mfanyakazi fulani aliongezewa elfu tisini mwezi wa Novemba. Neno la kwenye korido halikai kwenye faili.

Ndiyo maana dai la makato yaliyokosewa linahitaji barua. Lakini siyo barua yoyote. Iko barua inayomwachia mhasibu maswali manane, na iko inayompa kila kitu anachohitaji kubadilisha mstari mmoja na kuendelea na kazi zake. Tofauti ya hizo mbili tutaiona kwa kufuata kisa kimoja kuanzia kwenye slipu hadi fedha zinaporudi. Hesabu zake ni za Tanzania Bara, kwa viwango vya kodi vilivyoanza Julai 2021. Zanzibar ina sheria yake ya ajira na mfuko wake wa hifadhi ya jamii, kwa hiyo msomaji wa huko achukue utaratibu, siyo tarakimu.

Siku tatu za ugonjwa zilizogeuka utoro

Tumchukue mfanyakazi wa ghala katika kampuni binafsi jijini Dar es Salaam, mwenye miaka miwili kazini. Anafanya kazi siku sita kwa wiki. Mshahara wake wa msingi ni Sh 780,000 na posho ya usafiri ni Sh 120,000, hivyo mshahara ghafi ni Sh 900,000. Tarehe 7 Oktoba 2024 aliamka na homa, akaenda hospitali, daktari akampa ED ya siku tatu. Asubuhi hiyo hiyo alimtumia supavaiza wake picha ya ED kwa simu, na tarehe 10 aliporudi kazini akamkabidhi karatasi yenyewe.

Karatasi ikabaki mezani kwa supavaiza. Ofisi ya mishahara ilipokea orodha ya mahudhurio ikiwa na nafasi tatu tupu kwenye jina lake, na kwa mhasibu nafasi tupu maana yake ni moja tu. Mshahara wa msingi ukagawanywa kwa siku 26, ambazo ndizo siku za kazi za mwezi kwa anayefanya kazi siku sita kwa wiki. Jibu ni Sh 30,000 kwa siku. Mara tatu, Sh 90,000. Zikaondolewa.

Kosa la namna hii ni la kawaida mno, na halikufanyika kwenye meza ya mhasibu. Mishahara hufungwa siku kadhaa kabla ya kulipwa, kwa kawaida kati ya tarehe 15 na 22, na karatasi yoyote ambayo haijafika kufikia siku hiyo ni kana kwamba haipo. Barua inayoanza kwa kumtuhumu mhasibu kwa wizi inamkosea mtu ambaye alifanya sahihi kwa taarifa alizopewa, na inaficha mahali penye kosa halisi.

Kisheria huyu mfanyakazi yuko salama. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 32, inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya hadi siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Sharti lake ni cheti cha daktari. Asiyeleta cheti, mwajiri halazimiki kumlipa. Kwa hiyo dai zima linasimama juu ya ile karatasi ya ED, na kazi ya kwanza kabla ya kushika kalamu ni kuhakikisha nakala yake ipo mkononi.

Kwanza soma slipu, mstari kwa mstari

Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 27, inataka kila malipo ya mshahara yaambatane na maelezo ya maandishi yanayoonyesha ulilipwa nini na ulikatwa nini. Hiyo ndiyo slipu. Usidai kwa kutumia ujumbe wa benki, kwa sababu benki inaona kilichobaki tu. Haioni kilichokatwa wala kwa nini.

Slipu ya mfanyakazi wetu ya Septemba ilisomeka hivi. Mshahara ghafi Sh 900,000. Mchango wa NSSF, asilimia 10 ya ghafi kwa utaratibu wa kampuni hii, Sh 90,000. Zinabaki Sh 810,000, na hizo ndizo zinazotozwa kodi ya mapato, ile inayoandikwa PAYE. Kodi hiyo inapanda kwa ngazi. Shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi chochote. Kutoka hapo hadi 520,000 unatozwa asilimia 8, kutoka 520,000 hadi 760,000 asilimia 20, kutoka 760,000 hadi milioni moja asilimia 25, na kinachozidi milioni moja asilimia 30. Kwa Sh 810,000 kodi ni Sh 80,500. Mkononi zikabaki Sh 729,500.

Slipu ya Oktoba ina mstari mpya ulioandikwa `Absent`, na mbele yake Sh 90,000. Ghafi imeshuka hadi Sh 810,000. Kwa kuwa ghafi imeshuka, na NSSF imeshuka hadi Sh 81,000. Kinachotozwa kodi kimekuwa Sh 729,000, na kodi yake ni Sh 61,800. Mkononi zimeingia Sh 667,200.

Sasa weka slipu mbili pamoja. Zilizokatwa ni Sh 90,000, lakini mfukoni zimepungua Sh 62,300 tu. Hapa ndipo barua nyingi zinapoharibikia. Mmoja anadai Sh 62,300 kwa sababu ndizo alizoziona zimepungua benki. Mwingine anadai Sh 90,000 na kutegemea kuzipokea zote mkononi, na zisipofika zote anarudi ofisini akidhani amepunjwa mara ya pili. Tofauti ya Sh 27,700 haikuliwa na mtu. Sh 9,000 ni mchango wa NSSF ambao haukukatwa, na Sh 18,700 ni kodi ambayo haikukatwa.

Kwa hiyo kinachodaiwa ni Sh 90,000 za mshahara ghafi. Zikirudi, zitapita tena kwenye NSSF na kwenye kodi kama ambavyo zingepita mwezi wa Oktoba. Sentensi hiyo ikiwamo kwenye barua, mhasibu anajua mara moja kwamba anaongea na mtu aliyesoma slipu yake.

Barua isiyosaidia

Barua za madai zinazofika ofisini nyingi hufanana na hii:

"Husika na somo hapo juu. Mimi ni mfanyakazi wako mwaminifu kwa muda mrefu. Nasikitika kukutaarifu kuwa nimekatwa pesa nyingi bila kufahamishwa, jambo ambalo limeniathiri sana mimi na familia yangu kwani watoto wanadaiwa ada. Naomba nirudishiwe pesa zangu haraka iwezekanavyo. Natumaini ombi langu litakubaliwa."

Hakuna neno la uongo humo. Ila mhasibu akimaliza kuisoma hajui ni mwezi upi, ni mstari upi wa slipu, ni kiasi gani, na kwa nini mwandishi anasema ni kosa. Atalazimika kumtafuta, na kama ni tarehe 19 na mishahara inafungwa kesho, hatamtafuta. Ada ya watoto ni shida ya kweli, lakini haimwambii mhasibu abadilishe tarakimu ipi. Na inaligeuza deni kuwa ombi la msaada, wakati fedha hizo ni mshahara uliofanyiwa kazi au unaostahiliwa kisheria.

Barua inayofanya kazi

Hii hapa barua ambayo mfanyakazi wetu angeiandika siku moja baada ya kupata slipu:

Jina la mfanyakazi,
Idara ya Ghala, Namba ya kazi 0147,
Dar es Salaam.

28 Oktoba 2024

Mhasibu wa Mishahara,
K.K. Ofisa Rasilimali Watu,
Dar es Salaam.

Ndugu,

YAH: OMBI LA KUREKEBISHIWA MAKATO YA SIKU TATU KWENYE MSHAHARA WA OKTOBA 2024 NA KULIPWA MALIMBIKIZO NOVEMBA 2024

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Slipu yangu ya mshahara wa Oktoba 2024, kwenye mstari wa `Absent`, inaonyesha nimekatwa Sh 90,000 kwa siku tatu, tarehe 7, 8 na 9 Oktoba. Siku hizo nilikuwa katika likizo ya ugonjwa kwa cheti cha daktari cha tarehe 7 Oktoba. Nilimtumia supavaiza wangu nakala ya cheti hicho kwa simu siku hiyo hiyo, na nikamkabidhi cheti halisi tarehe 10 Oktoba niliporejea kazini.

Kutokana na makato hayo, mshahara wangu ghafi umekuwa Sh 810,000 badala ya Sh 900,000.

Kwa barua hii naomba yafuatayo:

1. Siku hizo tatu ziondolewe kwenye utoro na ziandikwe kuwa likizo ya ugonjwa yenye malipo.

2. Sh 90,000 ziingizwe kwenye mshahara wa Novemba 2024 kama malimbikizo ya mshahara wa Oktoba, na zikatwe NSSF na kodi kama kawaida.

3. Nijulishwe kwa maandishi kabla ya tarehe 15 Novemba 2024 kama marekebisho yameingizwa, au kama kuna taarifa inayokosekana.

Naambatisha nakala ya slipu ya Septemba na ya Oktoba, nakala ya cheti cha daktari, na ujumbe niliomtumia supavaiza.

Nashukuru kwa ushirikiano wako.

Wako katika kazi,
Sahihi, jina na namba ya simu

Nakala: Supavaiza wa zamu, Ghala.

Barua hii haijajaza hata ukurasa mmoja. Kichwa chake peke yake kinataja kosa, mwezi wa kosa na mwezi wa kurekebisha, kwa hiyo hata asiyeisoma yote ataipanga kwenye faili sahihi. Aya ya kwanza ina mstari wa slipu kama ulivyoandikwa kwenye slipu, ili mhasibu afungue kompyuta na kuuona neno kwa neno. Inasema karatasi ilipitia kwa nani na lini, bila kumlaumu mtu. Supavaiza ataona jina la cheo chake kwenye nakala na atajua cha kufanya.

Ombi la kwanza lina uzito kuliko linavyoonekana. Mhasibu akirudisha fedha bila kufuta utoro, siku hizo tatu zinabaki kwenye kumbukumbu zako. Mwaka ukigeuka, zinaweza kuibuka wakati wa tathmini ya kazi, au kwenye kikao cha nidhamu utakapokosa siku nyingine. Fedha zinarekebishwa na mhasibu, kumbukumbu zinarekebishwa na ofisi ya rasilimali watu, na ndiyo sababu barua imepita "K.K." kwa ofisa wa ofisi hiyo.

Ombi la tatu linaweka tarehe kwa hesabu. Kama mishahara hufungwa tarehe 18, jibu la tarehe 15 linakupa siku tatu za kupeleka kilichokosekana. Jibu la tarehe 25 halikusaidii kitu. Tayari umehamia Desemba.

Kwa nini Novemba, na Novemba inagharimu nini

Mtu anaweza kuuliza, kwa nini asilipwe sasa hivi? Kosa limeonekana tarehe 28 Oktoba na mwezi haujaisha. Ni swali zuri, na wakati mwingine linawezekana. Kodi ya mshahara hupelekwa Mamlaka ya Mapato Tanzania ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha. Kosa likionekana kabla ya hapo, mwajiri anaweza kuufungua mwezi wa Oktoba, kukokotoa upya na kulipa nyongeza ndogo, na kodi ya Oktoba ikapelekwa ikiwa sahihi. Ila kampuni nyingi zikishapeleka faili la mishahara benki hazipendi kuufungua mwezi kwa ajili ya mtu mmoja. Hivyo kosa huhamia mwezi unaofuata kwa jina la malimbikizo.

Tuone inakuwaje. Novemba ghafi ya mfanyakazi wetu ni Sh 900,000 jumlisha malimbikizo Sh 90,000, jumla Sh 990,000. NSSF ni Sh 99,000. Kinachotozwa kodi ni Sh 891,000, na kodi yake ni Sh 100,750. Mkononi zinaingia Sh 790,250.

Mwezi wa kawaida angepata Sh 729,500, kwa hiyo amerudishiwa Sh 60,750. Oktoba alipoteza Sh 62,300. Zimepungua Sh 1,550. Hakuna aliyekosea kujumlisha. Kilichotokea ni ngazi za kodi. Kama zile Sh 90,000 zingelipwa Oktoba, sehemu yake ingetozwa asilimia 20. Zilipobebwa hadi Novemba zilikuta mshahara wa mwezi huo umekwisha kujaza ngazi hiyo, zikaangukia zote kwenye asilimia 25.

Sh 1,550 pengine siyo za kuandikia barua ya pili. Lakini utaratibu ule ule unauma kosa likikaa. Mtu mwenye mshahara huu huu ambaye ghafi yake iliandikwa pungufu kwa Sh 90,000 kila mwezi kwa miezi sita, akirudishiwa Sh 540,000 zote kwa mwezi mmoja, kinachotozwa kodi kitafika Sh 1,296,000 na kuvuka ngazi ya asilimia 30. Kodi ya mwezi huo itakuwa Sh 216,800. Ukilinganisha na ambavyo angetozwa kila mwezi kwa haki, atakuwa amelipa zaidi Sh 24,100 kwa kosa lisilo lake. Kwa malimbikizo ya miezi mingi, ombi la pili la barua linapaswa kubadilika: omba kodi ikokotolewe kwa kila mwezi unaohusika na ritani za miezi hiyo zirekebishwe, badala ya kurundika kila kitu mwezi mmoja. Ni kazi zaidi kwa mhasibu, na hataifanya usipoiomba.

Hesabu hizi zinaonyesha pia kwa nini usikubali maneno ya "ngoja nikutumie kwa simu tuyamalize." Ukitumiwa Sh 62,300 kwa simu, mfukoni umekaa sawa. Ila mchango wako wa NSSF wa Oktoba umebaki pungufu kwa Sh 9,000, na wa mwajiri, ambaye naye huchangia asilimia 10, umebaki pungufu kwa kiasi hicho hicho. Sh 18,000 hazimo kwenye akaunti yako ya hifadhi ya jamii, na kwenye vitabu Oktoba ulikuwa mtoro. Fedha iliyotoka kupitia orodha ya mishahara irudi kupitia orodha ya mishahara.

Siyo kila makato yanarudi kwa njia hii

Makato ya siku za kazi yanagusa mshahara ghafi, ndiyo maana marejesho yake yanakatwa kodi. Kuna makato mengine yanayofanyika baada ya kodi, na hayo hesabu yake ni nyepesi. Tuseme kampuni ilikukopesha Sh 600,000, mkakubaliana kukatwa Sh 100,000 kwa miezi sita, na mwezi wa saba ukakatwa tena. Sh 100,000 hizo zilikwisha kukatwa kodi kabla ya kuchukuliwa. Zinarudi kamili, shilingi kwa shilingi. Ukiona kwenye slipu mhasibu ameziingiza upande wa malipo kama posho, zitakatwa kodi mara ya pili, na una haki ya kumrudia. Kwa dai hili kiambatisho cha msingi ni mkataba wa mkopo pamoja na slipu saba zenye mikato yote.

Jiulize pia fedha iko wapi sasa. Mkopo wa kampuni uko kwa kampuni, kwa hiyo kampuni inaweza kuurudisha Novemba. Ila makato ya SACCOS, ya benki au ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu yamekwisha kupelekwa huko. Mwajiri anaweza kusimamisha makato ya mwezi ujao, lakini aghalabu hawezi kukurudishia fedha ambayo hayuko nayo. Hapo barua zinakuwa mbili: moja kwa mhasibu ikiomba makato yasimame, ikiambatana na uthibitisho kwamba deni limekwisha, na nyingine kwa taasisi iliyopokea ikiomba marejesho. Kumbuka Bodi ya Mikopo hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, siyo wa ghafi. Kwa mfanyakazi wetu ingekuwa Sh 117,000. Ukiona Sh 135,000, mtu amekokotoa kwenye ghafi.

Ada ya chama cha wafanyakazi nayo ina mlango wake. Mwajiri huikata kwa fomu ya TUF.6 uliyoisaini mwenyewe, na ukitaka kuacha unatoa taarifa ya maandishi ya mwezi mmoja kwa mwajiri na kwa chama. Ikikatwa wakati hujawahi kusaini fomu hiyo, andika barua uombe uonyeshwe fomu yenye sahihi yako. Mara nyingi jibu la ombi hilo linamaliza mjadala.

Na iko mistari ambayo haitakiwi kuonekana upande wa makato yako kabisa. Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi na tozo ya kuendeleza ufundi stadi hulipwa na mwajiri peke yake. Vikikatwa kwenye mshahara wako, hakuna cha kubishania kuhusu kiasi: vinarudi vyote.

Makato ya hasara ndiyo yenye ugomvi mkubwa, katoni iliyovunjika au fedha zilizopungua dirishani. Kifungu cha 28 cha sheria kinamtaka mwajiri aonyeshe kwa maandishi chanzo cha hasara, kiasi chake na jinsi kilivyokokotolewa, akupe nafasi ya kujitetea, na hata deni likithibitika asikate zaidi ya robo ya mshahara wako. Hapa barua yako haianzi na kiasi. Inaanza kwa kuuliza hati hizo ziko wapi.

Barua ikishafika

Toa nakala mbili. Moja iache ofisini, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa na kuandikwa tarehe, urudi nayo nyumbani. Ukiituma kwa barua pepe, ihifadhi pamoja na jibu lake. Hilo muhuri ndilo litakalotofautisha aliyedai na aliyelalamika.

Slipu ya Novemba ikitoka, angalia vitu vitatu: mstari wa malimbikizo uwe na Sh 90,000, NSSF isome Sh 99,000, na mshahara wa Novemba wenyewe usiwe na makato mapya. Baada ya muda angalia taarifa ya michango yako NSSF uone kama imeingia. Mhasibu aliyerudisha fedha ya Oktoba lakini akaacha kosa lililoizalisha atakukata tena Desemba.

Ikiwa Novemba imepita kimya, andika ukumbusho mfupi unaotaja tarehe ya barua ya kwanza, na umhusishe kiongozi wa tawi la chama kama unalo. Lakini usikubali kuahirishwa mwezi baada ya mwezi kwa sababu ya heshima. Mgogoro wa mshahara hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa fomu ya CMA F.1 ndani ya siku 60 tangu ulipotokea. Ukichelewa utalazimika kwanza kuomba kibali cha kuchelewa na kueleza sababu. Kwa aliyekatwa mwishoni mwa Oktoba, siku hizo zinaisha kabla ya mwaka kuisha. "Mwezi ujao" mbili zinatosha kuzimaliza.

Kwa hiyo slipu ya mwezi huu ikitoka, isome siku hiyo hiyo na uiweke pembeni ya ile ya mwezi uliopita. Ukikuta mstari usioujua, andika kabla mishahara haijafungwa tena, na udai ghafi.